Msambazaji Mmoja, Majina Matano

Mwanzoni mwa mwaka 2009 kampuni ya uhandisi ya Taylor & Sons Ltd, iliyokuwa Cardiff nchini Welisi, ilikuwa na wafanyakazi wapatao 250 na historia ndefu. Kampuni nyingine kabisa, Taylor & Son Ltd, ilikuwa imeamriwa na mahakama ifungwe. Amri hiyo ilipofika Companies House, ofisi ya Uingereza inayosajili makampuni, iliandikwa kwenye rekodi ya kampuni isiyohusika. Herufi moja, S, ndiyo iliyotenganisha majina hayo mawili.

Kosa lilirekebishwa ndani ya siku chache, lakini habari ilikuwa imeshawafikia wanaopima uaminifu wa wakopaji. Wauzaji wa malighafi wakakataa kuendelea kuuza kwa mkopo, na miezi michache baadaye kampuni ikaanguka. Januari 2015 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kwamba ofisi ya usajili inawajibika kwa uzembe huo. Kiini cha mkasa wote kilikuwa kazi ambayo makarani wa uhasibu huifanya kila siku bila kuipa jina: kusoma jina kwenye karatasi na kuamua ni la rekodi ipi.

Katika ofisi ya uhasibu, karatasi hiyo ni ankara au risiti, na rekodi ni ile ya msambazaji iliyomo kwenye mfumo. Zamani karani aliisoma ankara kwa macho na kuchagua jina kwenye orodha. Siku hizi ofisi nyingi hupiga picha ankara, au huipokea kwa WhatsApp, kisha programu ya kusoma maandishi hutoa jina, tarehe, namba ya ankara na kiasi. Programu hiyo hutoa jina kama lilivyoandikwa, au kama ilivyoweza kulisoma. Haijui kwamba jina hilo hilo lilikuja wiki iliyopita likiwa na kifupisho, na mwezi uliopita likiwa na herufi iliyofutika.

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa muuza vifaa vya ujenzi anayeitwa Msufini General Supplies Limited. Hivi ndivyo jina lake linavyoweza kutoka kwenye karatasi za miezi mitatu:

```
MSUFINI GENERAL SUPPLIES LTD
Msufini Gen. Supplies
M5UFINI GENERAL SUPPLIES
Msufini General Suppliers Co. Ltd
MSUFUNI GENERAL SUPPLY
```

Kila tofauti ina chanzo chake. Ya kwanza ni ankara iliyochapwa kwa kompyuta. Ya pili ni muhuri wa duka, ambao mchongaji aliufupisha ili jina lienee. Ya tatu ni risiti iliyofifia, programu ikaiona S kuwa 5. Ndivyo pia O inavyogeuka 0, I ikawa 1, na B ikawa 8. Ya nne imeandikwa na kijana wa mauzo ambaye hatofautishi bidhaa zinazosambazwa na watu wanaozisambaza. Ya tano ni mwandiko wa mkono wa mtu mwenye haraka.

Ikiwa karani atafungua rekodi mpya kila jina linapoonekana geni, msambazaji mmoja atakuwa watano. Hasara yake haionekani siku hiyo. Mifumo mingi ya uhasibu ina kinga dhidi ya kulipa ankara mara mbili: namba ya ankara ikijirudia, mfumo hukataa au hutoa onyo. Lakini kwa kawaida kinga hiyo hufanya kazi ndani ya rekodi ya msambazaji mmoja, kwa sababu wasambazaji wawili tofauti wanaweza kabisa kuwa na ankara yenye namba 0417. Sasa ankara namba 0417 ya shilingi 1,860,000 inafika kwanza kama picha ya WhatsApp, inaingizwa kwenye Msufini General Supplies Ltd na kulipwa. Siku kumi baadaye nakala ya karatasi inafika pamoja na mzigo, inaingizwa kwenye Msufini Gen. Supplies, na kinga haioni kitu. Shilingi 1,860,000 nyingine zinatoka benki.

Dalili za rekodi pacha zipo kwa anayezitafuta. Rekodi moja inaonyesha deni ambalo msambazaji mwenyewe anasema alishalipwa, na nyingine inaonyesha malipo yasiyo na ankara. Hutokea hivyo pale malipo ya awali yalipoandikwa kwenye jina moja na ankara ikaingizwa kwenye jina jingine. Taarifa ya mwezi inayoletwa na msambazaji haikubaliani na rekodi yoyote, lakini rekodi mbili zikijumlishwa, hesabu inakaa sawa. Mhasibu akiona hivyo, hana haja ya programu yoyote kumwambia kuna nini.

Mtu anayejenga kinga ya kwanza kwa kawaida huanza na kipimo cha Levenshtein. Vladimir Levenshtein alikuwa mwanahisabati wa Kisovieti aliyekichapisha mwaka 1965 alipokuwa akichunguza makosa katika ujumbe wa tarakimu. Kipimo chenyewe ni chepesi kueleza: ni herufi ngapi, kwa uchache, zinazopaswa kuongezwa, kuondolewa au kubadilishwa ili neno moja liwe jingine. Kutoka M5UFINI hadi MSUFINI ni badiliko moja. Idadi hiyo ikigawanywa kwa urefu wa jina refu zaidi na kutolewa kwenye moja, hupatikana kiwango cha mfanano.

Tatizo ni kwamba kipimo hiki, kikitumiwa juu ya jina zima, hudanganya. Tuseme orodha ina msambazaji mwingine, wa kubuni vilevile, anayeitwa Msumi General Supplies. Jina MSUFINI GENERAL SUPPLIES lina nafasi 24 ukihesabu na mapengo. Ukililinganisha na MSUFINI GEN SUPPLIES, ambaye ni yule yule, unapata tofauti nne, yaani mfanano wa asilimia 83. Ukililinganisha na MSUMI GENERAL SUPPLIES, ambaye ni mtu mwingine kabisa, unapata tofauti tatu tu, yaani asilimia 87.5. Mgeni amemshinda mwenyeji. Ofisi ikiweka kiwango cha asilimia 85 na kuuachia mfumo uamue, ankara za Msumi zitaingia kwa Msufini, na ankara za Msufini zenyewe zitafunguliwa rekodi mpya. Makosa yote mawili kwa kipimo kimoja, na kompyuta haijakosea hesabu hata kidogo.

Dawa yake ni kusafisha kabla ya kupima. Majina yote mawili, la kwenye karatasi na la kwenye orodha, hugeuzwa kuwa herufi kubwa; nukta na alama huondolewa; mapengo ya ziada hufutwa. Maneno ya aina ya kampuni kama LTD, LIMITED, CO na COMPANY huwekwa kando, kwa sababu watu huyaandika na kuyaacha wapendavyo. Vifupisho hurudishwa kwenye umbo moja: GEN huwa GENERAL, ENT huwa ENTERPRISES, HDW huwa HARDWARE. SUPPLY, SUPPLIERS na SUPPLIES huwa SUPPLIES. Orodha ya vifupisho haipatikani dukani; huandikwa na ofisi yenyewe kutokana na karatasi zake, na kwa kawaida ukurasa mmoja unatosha.

Baada ya usafi huo, majina manne kati ya matano ya hapo juu yanabaki na tofauti moja au hayana tofauti yoyote. Lile la tano linatofautiana kwa herufi moja pia, U badala ya I. Lakini Msumi bado yuko karibu mno, kwa sababu maneno GENERAL SUPPLIES yanampa alama za bure. Hapo ndipo hatua ya pili inapohitajika: kila neno lipewe uzito kulingana na uadimu wake. Kama wasambazaji mia mbili kwenye orodha wana neno GENERAL, neno hilo halisemi lolote kuhusu yeyote kati yao. Neno MSUFINI likiwa kwa mmoja tu, hilo ndilo jina lake halisi. Ukipima neno hilo peke yake, Msufuni anafanana na Msufini kwa asilimia 86, na Msumi kwa asilimia 57. Pengo lililokuwa limegeuka sasa limesimama mahali pake, na mtu anaweza kuweka kiwango katikati.

Uzito huu una upande wake wa hatari. Majina mengi ya biashara nchini Tanzania na Kenya ni majina ya watu, na neno adimu linaweza kuwa adimu kwa sababu tu limeandikwa vibaya. Pia kuna biashara ambazo neno la kawaida ndilo linalozitenganisha: ndugu wawili, mmoja na duka la Hardware na mwingine na Transport, wote kwa jina la baba yao. Kwa hiyo neno la aina ya kazi halifutwi kabisa. Hupunguziwa uzito tu, na likipingana waziwazi, jina hupelekwa kwa mtu alitazame.

Kuna wanaopendekeza kupima sauti badala ya herufi. Chombo maarufu zaidi ni Soundex, kilichopewa hataza Marekani mwaka 1918 kwa Robert Russell na baadaye kutumika kupanga majina ya sensa za nchi hiyo. Huweka herufi ya kwanza kama ilivyo, hutupa irabu, na kuzipa konsonanti zinazokaribiana tarakimu moja. Kwa baadhi ya majina yetu hufanya kazi vizuri: Mohamed, Mohammed, Muhammad na Mohamedi yote hupata M530, na mhasibu hana haja ya kubishana na tahajia ya mtu yeyote. Lakini Soundex iliundwa kwa masikio ya Kiingereza. L ina tarakimu 4 na R ina tarakimu 6, hivyo Kalim ni K450 na Karim ni K650, mbali kabisa. Katika Afrika Mashariki kubadilishana kwa L na R ni kosa la tahajia la kila siku, hasa jina linapoandikwa na anayelisikia kwa simu. Ofisi inayotaka kipimo cha sauti ni bora ijitengenezee chake: L na R zihesabiwe kuwa moja, DH na Z ziwe karibu, GH na G vivyo hivyo, na I ya mwishoni kama ya Saidi au Rashidi isihesabiwe.

Hata hivyo, kazi yote hii juu ya jina inaishia kwenye jambo moja: kutoa wagombea. Jina lililosafishwa na kupimwa vizuri linasema kwamba kati ya wasambazaji 3,000, wawili au watatu hawa ndio wanaostahili kutazamwa. Halina haki ya kusema ni yupi.

Anayesema hivyo ni namba. Tanzania mashine za EFD zilianza kutumika mwaka 2010, na risiti yake hubeba TIN ya muuzaji, yenye tarakimu tisa, na namba ya VAT kama amesajiliwa. Kenya, PIN ya KRA huanza na herufi, hufuatiwa na tarakimu tisa na kuishia na herufi nyingine. Ikiwa programu imesoma namba hiyo na namba hiyo hiyo ipo kwenye rekodi ya msambazaji, hata jina likiwa limeharibika nusu, uamuzi umeshafanyika kwa sehemu kubwa. Hatua ya kwanza yenye faida kuliko zote, basi, si kununua programu ya kupima majina. Ni kujaza TIN kwenye kila rekodi ya msambazaji ambayo haina.

Lakini namba nayo ina mitego, na mtego mkubwa uko kwenye karatasi yenyewe. Risiti ya EFD inaweza kuwa na namba mbili za mlipakodi, ya muuzaji na ya mnunuzi. Programu ikichukua ile ya mnunuzi, risiti zote za mwezi zitaonekana zimetoka kwa msambazaji mmoja, ambaye ni ofisi yenyewe. Kinga yake ni sentensi moja kwenye kanuni: TIN yetu isikubaliwe kamwe kuwa TIN ya msambazaji. Mtego wa pili ni tarakimu iliyosomwa vibaya. Namba yenye kosa moja mara nyingi haitapatikana kwenye orodha kabisa, na hilo lenyewe ni onyo. Ikipatikana kwa bahati mbaya, itakuwa ya mtu ambaye jina lake halifanani hata kidogo. Kwa hiyo kanuni salama ni kwamba namba na jina vikubaliane: namba iwe sawa tarakimu kwa tarakimu, na jina lifanane walau kwa kiasi.

Mtego wa tatu si kosa la mtu. Mfanyabiashara binafsi anaweza kuwa na TIN moja na majina mawili ya biashara yaliyosajiliwa BRELA, la duka la rangi na la gari la mizigo. Namba inasema ni mmoja, majina yanasema ni wawili, na yote ni kweli. Katika uhasibu huyo ni msambazaji mmoja, kwa sababu anayedaiwa kodi ni mmoja. Majina yote mawili huandikwa ndani ya rekodi yake. Vivyo hivyo kwa kampuni yenye matawi Mwanza, Arusha na Mbeya: rekodi ni moja, anwani ni tatu.

Baada ya jina na namba kusema, karatasi huenda kwenye moja ya njia tatu. Mwaka 1969 watakwimu wawili wa Kanada, Ivan Fellegi na Alan Sunter, waliweka misingi ya kihisabati ya kuunganisha rekodi, na walisisitiza kwamba majibu si mawili bali matatu: ni yeye, si yeye, na huenda ni yeye. Jibu la tatu ndilo linaloiokoa ofisi. Ankara yenye TIN sawa na jina linalofanana huingia yenyewe. Ankara ambayo namba yake haipo kwenye orodha na jina lake haliko karibu na lolote huenda kwenye meza ya usajili wa wasambazaji wapya. Zinazobaki katikati hutazamwa na mtu, na mtu huyo anapaswa kuonyeshwa picha ya ankara kando ya wagombea wawili au watatu, pamoja na TIN zao, akaunti zao za benki na ankara yao ya mwisho. Akionyeshwa majina peke yake, atakisia kama mashine inavyokisia.

Mpaka kati ya njia hizo hauchaguliwi kwa kupenda namba fulani. Huchukuliwa ankara mia kadhaa za mwaka uliopita ambazo msambazaji wake anajulikana kwa hakika, hupimwa zote, na hutazamwa ni kiwango gani cha juu kabisa kilichofikiwa na jozi isiyo sahihi. Mpaka wa kuingia bila kuguswa huwekwa juu ya hapo. Kazi ya macho itaongezeka kidogo, na ni sawa. Kukosa kuoanisha kunamgharimu karani dakika mbili. Kuoanisha vibaya kunaweza kumpa mtu fedha za mwingine.

Kazi hiyo ya macho hupungua haraka ikiwa uamuzi unahifadhiwa. Karani akishathibitisha kwamba MSUFUNI GENERAL SUPPLY mwenye TIN ile ni Msufini, umbo hilo huandikwa kwenye rekodi kama jina la pili, likiwa na tarehe na jina la aliyethibitisha. Likija tena, halipimwi; linatambuliwa. Programu kama Tally zina nafasi ya jina la ziada kwenye kila akaunti, na ambako hakuna, jedwali la safu mbili linatosha. Ubaya wake ni kwamba uamuzi mbaya nao hujirudia, ndiyo sababu jina la aliyethibitisha linahitajika.

Kuna hali moja ambayo majina kufanana kabisa ndiko kunapaswa kuleta wasiwasi. Kati ya mwaka 2013 na 2015 raia wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alitumia kampuni aliyoisajili Latvia kwa jina lile lile la Quanta Computer, mtengenezaji wa kompyuta wa Taiwan anayeuza kwa makampuni makubwa ya Marekani. Kwa ankara na barua pepe za kughushi, Google na Facebook zikatuma zaidi ya dola milioni 100 kwenye akaunti zake. Alikiri kosa mwaka 2019 na kuhukumiwa kifungo cha miaka mitano. Tahajia ya jina haikuwa na kasoro. Kilichobadilika kilikuwa akaunti ya benki.

Ndiyo maana uoanishaji wa majina haupaswi kuguswa na upande wa malipo. Kuoanisha kunasema ankara ni ya nani. Kamwe hakubadilishi akaunti ya kumlipia. Ankara ikija na namba ya akaunti tofauti na iliyo kwenye rekodi, hata kama jina na TIN ni sawa, inasimama hapo hadi mtu apige simu kwa namba iliyokuwa kwenye rekodi tangu zamani, si ile iliyochapwa kwenye ankara mpya.

Zinabaki rekodi pacha za miaka iliyopita. Wasambazaji 3,000 wakilinganishwa kila mmoja na mwenzake ni jozi 4,498,500, na hakuna anayeweza kuzisoma hata asilimia moja. Njia fupi ni kupanga orodha kwa TIN, kisha kwa namba ya akaunti ya benki, kisha kwa namba ya simu, na kutazama zinazojirudia. Pacha wengi hujitokeza hapo bila jina kupimwa. Waliobaki hulinganishwa majina ndani ya vikundi vidogo, mathalani wanaoshirikiana neno moja adimu.

Kabla ya kuunganisha, taarifa ya kila rekodi huchapwa na kuhifadhiwa, maana katika programu nyingine, QuickBooks ikiwemo, rekodi zikishaunganishwa haziwezi kutenganishwa tena. Mizani ya pamoja hulinganishwa na taarifa ya msambazaji mwenyewe. Rekodi inayobaki ni ile yenye TIN na akaunti iliyothibitishwa. Nyingine huzuiwa isipokee ankara mpya, lakini haifutwi, kwa sababu mkaguzi atauliza vocha za zamani zilikwenda wapi. Ni hapo, ankara za rekodi zote mbili zinapokuwa kwenye orodha moja, ndipo namba 0417 inapoonekana mara mbili, na msambazaji hupigiwa simu ili shilingi 1,860,000 zikatwe kwenye ankara yake ijayo.